Salamu ya Idi kwa mtu mliyemechi wiki hii hii, niandikeje asione nimejizoesha?

Mtulivu_J
Habari zenu wakuu. Naombeni mnisaidie hili kabla mwezi haujaandama, leo ni funga ya 27 na muda ndo huo unaisha.

Nimemechi na dada mmoja kwenye apu siku tano zilizopita. Chati bado changa kabisa, meseji zangu na zake zikiunganishwa hazifiki thelathini, hatujapeana namba, hatujapigiana, hatujaonana. Ila mazungumzo yana uhai na simwandikii kwa kujilazimisha. Anajifunza kushona, kaniambia mwenyewe amekata gauni lake la kwanza na mkono mmoja umetoka mrefu kuliko mwenzake, akatuma na picha ya ule mkono tu umelazwa mezani umechomekwa pini kibao. Siku ya pili yake akaandika "nikichelewa kujibu usishangae, nimefunga na mchana nakuwa mzito".

Sasa nataka nimtakie Idi njema. Nimeandika hii, nisomeeni:

"Idi Mubarak mrembo wangu. Wewe na familia yako nawatakia sikukuu yenye furaha, amani na upendo tele, Mola azipokee funga zenu na dua zenu, awape afya na riziki, na Idi ijayo inshallah tuwe pamoja. Nimefurahi sana kukufahamu, umeleta nuru kwenye maisha yangu. Msalimie mama. Unasherehekea wapi? Mtatoka? Na mimi unanikumbuka kwenye dua?"

Nikiisoma naona maneno mazuri ila roho inasita na sijui inasitia wapi. Nisaidieni.

Chumvi_Kiasi
Inasitia kwenye "Idi ijayo tuwe pamoja". Hujasikia hata sauti yake kaka.

Mshenga_Msaidizi
Hongera sana ndugu yangu, jambo la heri hilo. Ila kwa ushauri wangu salamu ya sikukuu kwa wakwe usiipeleke kwa meseji, nenda mwenyewe au mtume mtu mzima akuwakilishe, na mama mkwe umsalimie kwanza kabla ya binti maana ndo atakayekusemea. Mimi ndivyo nilivyofanya na mpaka leo wananiheshimu.

Mtulivu_J
Shukrani mkuu ila hatujafika huko hata kidogo, tumemechi Jumamosi tu. Mama nimemtaja kwa adabu, simjui.

Mshenga_Msaidizi
Oo nisamehe, nimesoma "msalimie mama" nikadhani mmeshajuana. Basi mtoe mama.

Bi_Taratibu
Mshenga hapo juu bila kukusudia kaonesha shida ilipo. Mtu mzima kasoma meseji yako akadhani una wakwe. Sasa huyo dada ataisoma vipi?

Kaka Mtulivu nimesaidia wadogo zangu na marafiki na chati za namna hii kwa miaka mingi, na mimi mwenyewe mume wangu nilimpata hukohuko kwenye apu, kwa hiyo naomba niipitie taratibu. Moyo wako uko sawa, ni maneno tu yametangulia mbele ya ukaribu wenu.

Anza na "mrembo wangu". Jina lake unalijua, liko kwenye profaili na bila shaka ushalitumia. Mtu mliyejuana siku tano akiitwa kwa jina lake, likaandikwa vizuri bila kulikata, anajisikia ametazamwa yeye. Ukimwita wangu umemchukua kabla hajajitoa, na wengi wakiona neno hilo mapema wanajua kabisa kwamba wapo wengine watatu wanaitwa hivyohivyo siku hiyo.

La pili ni dogo ila ndilo linaloua salamu nyingi. Umeandika "nawatakia", "funga zenu", "awape". Najua umeiweka familia humo, ila jicho la msomaji linaona wingi na linasoma tangazo. Sikukuu watu wanapokea meseji za kutumiwa kundi zima na zote zinasema nawatakia. Andika "nakutakia". Herufi zenyewe zinatofautiana kidogo sana, lakini nakutakia inasema nimekaa nikakufikiria wewe peke yako. Hata ukipenda kuwataja watu wake, sema "wewe na unaokuwa nao siku hiyo". Hujui anaishi na nani, hujui kama mama yupo.

Halafu yale maombi mwishoni. Umemuuliza maswali matatu kwa mkupuo, na moja linamtaka aseme kama anakukumbuka. Salamu ni kitu unachompa mtu. Ukiishaweka swali la hivyo unakuwa umempa na hapohapo unamdai.

Kitu kimoja umekosa kabisa, na ndicho ulichotuhadithia sisi hapa badala ya kumwambia yeye. Mkono wa gauni.

Mtulivu_J
Subhanallah. Mkono wa gauni sikuufikiria hata, niliona salamu ya Idi inatakiwa iwe na maneno ya Idi.

Kamanda_Pori
Mi naona mnamchosha mwenzetu. Salamu ya sikukuu iwe fupi, period. Chukua kadi nzuri ile yenye mwezi na taa na maua, andika Idi Mubarak chini, tuma, kaa kimya. Mtu mgeni hahitaji insha. Mi natuma kwa wote nikishamaliza swala na watu wanajibu.

Chumvi_Kiasi
Wanajibu nini?

Kamanda_Pori
Wanajibu "nawe pia".

Chumvi_Kiasi
Na baada ya hapo?

Kamanda_Pori
Baada ya hapo inategemea.

Nuru_Dirishani
Niongee kama mtu anayezipokea hizo meseji. Kamanda upo sahihi kwenye ufupi, hapo nakuunga mkono kwa moyo wote. Ila kadi hapana. Idi iliyopita nilikuwa nachati na watu watano kwenye apu, nikaamka nikakuta kadi tatu, mbili kati ya hizo ni picha ileile moja, mpaka ile alama ndogo kwenye kona ya chini ni ileile. Niliwajibu wote "nawe pia" na sikuwa na neno lingine la kuongeza, kwa sababu kadi haina mahali pa kushika, unaipokea na unairudisha tu.

Wa nne ndo aliandika refu kama la Mtulivu hapo juu, na humo kulikuwa na "msalimie mama yako mpendwa". Mama yangu alikuwa ametutoka miezi minne kabla na ile ndo Idi ya kwanza bila yeye. Hakujua, sikumlaumu na sijamlaumu mpaka leo. Lakini niliweka simu kifudifudi kitandani nikakaa, na nilipokuja kuishika tena ile chati sikuweza kuirudia. Nikiliona jina lake nakumbuka ile sentensi. Ndiyo maana nasema mtu usiyemjua usimtajie mzazi, wala usimwambie "najua mnafurahia pamoja", wapo watu sikukuu kwao ndo siku ngumu kuliko zote.

Wa tano aliandika kitu cha mstari mmoja na nusu. Nilikuwa nimemwambia siku chache nyuma kwamba paka wangu amejificha juu ya kabati hataki kushuka. Akaandika Idi Mubarak, akaweka jina langu, akasema anatumaini hata yule wa juu ya kabati leo atashuka kusherehekea, nikajikuta natabasamu peke yangu. Nilimjibu ndani ya dakika tano na tulichati mpaka jioni.

Mtulivu_J
Pole sana dada kwa mama. Mungu amrehemu. Namtoa mama kwenye meseji sasa hivi.

Nuru_Dirishani
Amina, ahsante.

Mgeni_Njiani
Naomba niulize maana nami nipo njia hiyohiyo ila upande wa Krismasi. Mwaka jana nilimechi na dada jina lake la Kikristo kabisa, siku ya nne tu ikawa Krismasi, nikamtumia "Krismasi njema, Mwokozi azaliwe moyoni mwako". Akanijibu kwa upole sana kwamba yeye ni Shahidi wa Yehova na hawasherehekei Krismasi, ila ameshukuru kwa kumkumbuka. Niliona aibu nikakimbia chati. Nilikosea kumtakia au nilikosea kukimbia?

Bi_Taratibu
Kukimbia ndo ulikosea. Amekujibu kwa upole, amekueleza na amekushukuru, hapo mlango uko wazi kabisa. Ulitakiwa useme tu "ahsante kwa kunieleza, nilikadiria kutokana na jina, nakutakia mapumziko mema basi" na mazungumzo yanaendelea.

Ila kwenye salamu yenyewe somo ni kwamba jina halitoshi. Yupo Maria Muislamu, yupo mwenye jina la Kiarabu anayesali kanisani, yupo asiyesali popote. Na hata ukijua ni Mkristo bado hujajua tarehe, Waorthodoksi wengi Krismasi yao ni Januari 7, ukimtumia Desemba 25 anakushukuru lakini anajua hukuuliza. Kama hajakutajia mwenyewe, "sikukuu njema" au "mapumziko mema" inamfaa kila mtu. Mtulivu yeye ana bahati, binti amesema mwenyewe nimefunga. Amempa ruhusa ya neno Idi, kwa hiyo alitumie bila woga, akiandika "sikukuu njema" hapo ataonekana hakusikiliza.

Padri_Mstaafu_Siyo
Niongezee hapo kwa wanaosoma, Ijumaa Kuu msimtakie mtu "heri" wala "furaha", ile ni siku ya mateso. Subirini Jumapili ya Pasaka. Nimeona vijana wanakosea sana hilo kwa nia njema.

Chumvi_Kiasi
Turudi kwa Mtulivu, mwezi haumsubiri. Andika upya tuone.

Mtulivu_J
Nimejaribu:

"Idi Mubarak Z. Nakutakia siku njema sana wewe na utakaokuwa nao. Natumaini na mkono wa gauni umekubali kuwa sawa na mwenzake. Nimefurahi kukufahamu na ningependa tukutane sikukuu hii kama utakuwa na nafasi."

(Z ni herufi tu, kwenye meseji nitaweka jina lake lote.)

Bi_Taratibu
Hapo sasa unaongea na mtu. Sentensi tatu za mwanzo usiziguse.

Ya mwisho itoe. Kukutana si jambo baya na siku yake itafika, labda hata wiki ijayo, lakini ukiliweka ndani ya salamu, salamu nzima inageuka kuwa kifuniko cha ombi. Na sikukuu yenyewe ni siku ya watu wake wa karibu, ukimwomba nafasi siku hiyo unamfanya aanze kutafuta namna ya kukukatalia bila kukuumiza. Mtu anayetafuta namna ya kukataa huwa anachelewa kujibu, na wewe huku utaanza kuhesabu masaa.

Kamanda_Pori
Sasa hapo nakataa. Asiposema nia yake mwingine atasema. Wanaume tunaambiwa tuwe wazi halafu tukiwa wazi tunaambiwa tumeharakisha.

Nuru_Dirishani
Nia aseme Kamanda, ila kwa siku yake. Mimi mtu akiniambia Jumatano "wikiendi ijayo una nafasi tukae mahali tuongee" nafurahi kabisa, najibu ndiyo au hapana. Akiniambia ndani ya Idi Mubarak naona ametumia Idi.

Kamanda_Pori
Sawa nimekuelewa, ila bado nahisi kuna wanaopenda uwazi hatahivyo.

Dada_wa_Zamu
Wapo Kamanda, mimi mmoja wao. Niliwahi kuambiwa hivyohivyo siku ya mwaka mpya na nikaenda na ilikuwa vizuri. Lakini sisi tulikuwa tumeshachati wiki tatu na tumeshapigiana. Siku tano sijui.

Mgeni_Njiani
Na muda je? Nasikia ukituma usiku ule mwezi ukitangazwa ndo unaonesha umemkumbuka wa kwanza.

Dada_wa_Zamu
Usiku ule simu zinalia mfululizo, yako itazama chini ya makundi ya familia. Na kingine, mwezi unaweza usionekane. Mwezi wa kiislamu ni siku 29 au 30, na kuna wanaofuata mwandamo wa nchi yao na wanaofuata tangazo la kwingine, watu wawili wanaweza kuwa na Idi siku mbili tofauti. Ukimtumia Idi Mubarak usiku wa 29 na yeye kesho yake anaamka kula daku, salamu imetangulia siku. Subiri ijulikane anaswali lini.

Mtulivu_J
Nitajuaje anafuata upi bila kumuuliza kama karani wa sensa?

Dada_wa_Zamu
Usiku wa kuangalia mwezi muulize kitu kimoja tu chepesi, "kwenu kesho ni Idi au ni funga ya mwisho?" Ni swali ambalo kila mtu anaulizana usiku ule, halina uzito, na litakupa jibu lako.

Bi_Taratibu
Zuri sana hilo, sikulifikiria. Na salamu yenyewe itume asubuhi swala ikishaisha watu wametulia kidogo, saa tatu au saa nne. Alfajiri mno unaonekana ulikuwa macho unamsubiri, usiku sana unaonekana umemkumbuka baada ya kuwamaliza wengine.

Chumvi_Kiasi
Emoji je? Aweke moyo?

Nuru_Dirishani
Moyo mwekundu hapana kwa siku tano. Mwezi au uso unaotabasamu, mmoja, inatosha. Au asiweke kabisa, ile meseji imeshatabasamu yenyewe.

Kamanda_Pori
Voisi je? Sauti ina ukaribu kuliko maandishi.

Nuru_Dirishani
Ndo shida yake, ina ukaribu. Na siku ya sikukuu nyumba imejaa watu, nitaifungulia wapi? Nitaiacha mpaka usiku.

Dada_wa_Zamu
Mimi voisi fupi ya sekunde kumi ningeipenda jamani, tunatofautiana. Kama wameshawahi kutumiana.

Mtulivu_J
Hatujawahi. Naandika tu. Swali la mwisho wakuu, asipojibu siku nzima nifanyeje? Najijua, nitaanza kuingia kwenye apu kila dakika kumi kuangalia kama yuko onlaini.

Bi_Taratibu
Siku hiyo usimtumie kitu kingine, hata alama ya kuuliza. Hasa alama ya kuuliza. Ana wageni, ana vyombo, ana watoto wa ndugu wanataka simu yake. Mpe siku mbili. Zikipita, rudi kwenye kile mlichokuwa mnaongea kama vile salamu haikuwa na deni, kwa mfano umuulize kama gauni ameshalivaa. Usiseme "naona uko bize" wala "hukuona salamu yangu", maneno hayo mawili yanageuza zawadi kuwa ankara. Akikaa kimya na hapo, basi amekujibu, umwache kwa heshima.

Na akijibu "nawe pia" peke yake usivunjike moyo hapohapo. Wengine wanajibu hivyo kwa sababu mikono ina unga. Angalia anachofanya kesho yake.

Mtulivu_J
Nimeandika kwenye daftari kabisa. Ahsanteni.

*(siku tano baadaye)*

Mtulivu_J
Wakuu nimerudi kama nilivyowaahidi moyoni.

Usiku wa kuangalia mwezi nilimuuliza lile swali la Dada_wa_Zamu. Akajibu haraka, "kwetu bado, tunamalizia 30". Yaani ningetuma usiku ule ningekuwa nimekosea, maana mimi huku nilikuwa nimeshaanza kuandika.

Siku yenyewe nilituma saa tatu na nusu asubuhi, hivi: "Idi Mubarak Z. Nakutakia siku njema sana wewe na utakaokuwa nao. Natumaini na mkono wa gauni umekubali kuwa sawa na mwenzake." Nikaweka simu kwenye droo nikaenda kwa ndugu zangu bila simu, kwa kweli nilikaa bila amani kidogo mpaka mchana.

Jibu lilikuja saa kumi jioni. Ameandika "Idi Mubarak na kwako pia, umenifurahisha umekumbuka. Mkono umekataa, nimekata yote miwili sasa ni gauni lisilo na mikono 😄". Chini yake picha, ni gauni limetundikwa kwenye hanga nyuma ya mlango, rangi ya kijani, na kweli halina mikono. Yeye hayumo kwenye picha. Nimeiangalia sana ile picha.

Nuru_Dirishani
Amekutumia kazi ya mikono yake siku ya Idi. Umemjibu nini?

Mtulivu_J
Nimemwambia limependeza hivyohivyo, na nimemuuliza la pili atashona nini. Kasema anafikiria shati, ila anaogopa kola. Tunaendelea toka jana.

Kamanda_Pori
Hongera kaka. Na kukutana ushamwambia?

Mtulivu_J
Bado. Nafikiria Jumatano.

Chumvi_Kiasi
Jumatano ya wiki hii au ijayo?

Bi_Taratibu
Mwacheni amalizie kuongelea kola kwanza.

Mgeni_Njiani
Mimi nimemrudia yule dada wa Krismasi, baada ya miezi yote ile. Nimemwandikia kwamba niliondoka kwa aibu na haikuwa kosa lake. Bado hajajibu, imepita siku moja.